Mara Mbili ya Kipenyo

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu, ambaye mpaka leo analima ufuta na mihogo kule Miteja, husema nilitambaa wiki moja tu, kisha nikaona kutambaa kunanichelewesha. Nakula nimesimama. Nikizungumza kwenye simu nazunguka nyumba mpaka majirani wanajua mambo yangu kwa vipande vipande. Na ulimi wangu nao hautulii. Karakana nzima ya Dar es Salaam inajua kwamba ukikosea mbele yangu utaambiwa hapo hapo, uwe mkubwa, uwe mdogo. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Ajabu ni kwamba kazi yangu inataka utulivu kuliko zote. Mimi ni fundi wa mabati ya ndege, hizi ndogo za injini moja na viti sita zinazopeleka wageni kwenye hoteli za pwani. Ngozi ya ndege hizo ni alumini nyembamba, unene wa milimita moja, na inashikwa na ribiti, yaani misumari mifupi inayogongwa ikavimba upande wa pili na isitoke tena. Kwa miaka kumi na minne nimetoboa, nimepima na nimegonga ribiti, lakini kwa muda wote huo sikuwa na leseni. Nilifanya kazi, mwingine akasaini.

Huyo mwingine alikuwa mwalimu wangu. Nitamwita Mwalimu, maana hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mhandisi mwenye leseni, mzaliwa wa Sudi, kusini ya Lindi, mtu wa maneno machache na suruali zilizopigwa pasi hata siku ya kulala chini ya injini. Alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu bati. Kitabu changu cha uzoefu, kile ambacho mamlaka hukiangalia kabla ya kukupa leseni, kilijaa saini zake ukurasa kwa ukurasa. Ulibaki mstari mmoja: ukarabati wa bati uliofanywa na mwombaji peke yake, tangu hesabu mpaka ribiti ya mwisho, ukakaguliwa na mhandisi. Na Mwalimu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Asiponisainia yeye, ningelazimika kuanza upya na mhandisi mwingine asiyenijua, naye angetaka kuniona miaka yake mwenyewe kwanza.

Ndipo rubani mmoja wa kampuni yetu alipopiga simu kutoka Kilwa Masoko. Alikuwa anaizunguka ndege yake asubuhi kama wanavyofanya kabla ya kuruka, akapitisha ukucha kwenye kiraka cha zamani kilichokuwa tumboni mwa ndege, nyuma ya magurudumu, na ukucha ukakwama. Ulikuwa ufa. Akatazama vizuri, akaona nyufa tatu. Ndege ikabaki pale pale, na wageni wake wakapelekwa Dar kwa gari.

Mwalimu alikuwa likizo kwao Sudi. Akanipigia. “Nenda wewe,” alisema. “Fanya kazi yote. Mimi nitapanda basi Alhamisi nije kuikagua. Ikiwa sawa, nitakisaini kile kitabu.”

Nilipanda basi la alfajiri siku ya Jumanne, nikiwa na sanduku la zana, kipande cha bati jipya nilichokikumbatia mapajani na kurasa za kitabu cha watengenezaji zinazohusu viraka. Somanga basi liliposimama watu washuke kula, mimi nilishuka nikatembea huku na huku kando ya barabara, sikununua hata kipande cha samaki. Tulipita Miteja bila kusimama. Niliwaza kumpigia mama, nikaona ataniuliza kwa nini sishuki, nikaacha.

Kuhusu kiraka chenyewe lazima nieleze, kwa sababu kilikuwa na hadithi. Miaka mingi nyuma jiwe liliruka kutoka kwenye gurudumu, likatoboa tumbo la ndege hiyo hiyo, kwenye kiwanja hicho hicho cha Kilwa. Mwalimu alikuja akakitia kiraka kwa siku moja, kwa mkono, wageni wakisubiri kivulini. Hadithi hiyo aliisimulia kwa kila mwanafunzi aliyepita karakanani, na alikuwa haisimulii kwa majivuno ya kelele, alisema tu, “Kile cha Kilwa, nendeni mkakitazame, ndivyo kiraka kinavyokaa.” Tulikitazama. Nami nilikitazama nikiwa mgeni kazini, nikiwa nimelala chali kwenye sakafu, nikajiambia siku moja nitatengeneza kama kile.

Rubani alinipokea kiwanjani. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye mzaha wa polepole. “Karibu, dada fundi,” alisema. “Usipoziba ufa...”

“Utajenga ukuta, nimeshasikia,” nilimkatiza. Methali hiyo karakanani kwetu inasemwa kila siku na kila mtu anadhani yeye ndiye wa kwanza.

Jumatano asubuhi nilianza kuzitoa ribiti za zamani. Unatoboa kichwa cha ribiti taratibu kwa drili, unakibandua, kisha unausukuma mwili wake nje, na ukifanya pupa unaharibu tundu. Nilifanya bila pupa, ingawa miguu yangu ilitaka kwenda mahali. Kufikia saa saba kiraka kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka juu ya gunia chini ya bawa, nikapiga magoti, nikachukua kaliperi, kile kifaa cha kupimia vipenyo na unene.

Sasa hapa panahitaji hesabu kidogo, na nitaieleza kama Mwalimu alivyonieleza mimi, maana yeye hakuwa akitumia maneno makubwa. Bati mbili zikilaliana kama mabati ya paa na ukataka kuzishona kwa ribiti, jambo la kwanza ni kuchagua unene wa ribiti. Unachukua unene wa bati lililo nene zaidi, unazidisha kwa tatu. Bati la milimita moja linataka ribiti ya milimita tatu, na iliyo karibu dukani ni ya tatu nukta mbili. Baada ya hapo unalisahau bati. Kila kitu kinachofuata kinahesabiwa kutokana na kipenyo cha ribiti hiyo.

Umbali wa ukingo, yaani kutoka katikati ya tundu mpaka bati linapoishia, usipungue mara mbili ya kipenyo. Ukipungua, nyama ya bati iliyobaki kati ya tundu na ukingo ni kidogo, ndege ikitetemeka ribiti inavuta, na nyama hiyo inapasuka. Kutoka ribiti hadi ribiti katika mstari mmoja, usipungue mara tatu. Wengi wetu tunaweka kati ya nne na sita. Ukizibana mno unageuza bati kuwa stempu ya posta, linachanika kwenye mstari. Ukizitawanya mno, bati linavimba kati ya ribiti na kuachama. Na kama mistari ni miwili, nafasi kati ya mstari na mstari ni kama robo tatu ya ile uliyoiweka kati ya ribiti na ribiti, nayo isipungue mara mbili na nusu ya kipenyo. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuzidisha. Kinachoshinda watu ni kukumbuka kuzidisha tena pale kipenyo kinapobadilika.

Nilipima kutoka katikati ya tundu hadi ukingo. Milimita sita nukta nne. Mara mbili ya tatu nukta mbili, sawasawa kabisa, mkono wa Mwalimu huo. Nikapima matundu ya mstari wa chini, mle nyufa zilimoanzia. Umbali ulikuwa ule ule, sita nukta nne. Lakini tundu lilikuwa kubwa. Nikaliingiza shina la ribiti niliyoitoa, nikalipima. Milimita nne.

Nilisimama. Nikatembea mpaka mwisho wa bawa, nikarudi. Nikafungua daftari langu nikaandika: sita nukta nne gawanya kwa nne. Jibu ni moja nukta sita. Mstari mzima wa chini ulikuwa na umbali wa ukingo wa moja nukta sita badala ya mbili, na nyufa zote tatu zilitoka kwenye matundu zikakimbilia ukingoni kwa njia fupi, kama vitabu vinavyosema.

Nikaenda kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, nikapekua nyuma. Nilichokitafuta kilikuwepo. Miaka michache baada ya kiraka, mstari mmoja wa maandishi ninayoyajua kuliko yangu: ribiti za mstari wa chini zimelegea, zimetolewa, zimewekwa za saizi inayofuata. Saini ya Mwalimu.

Ndivyo inavyofanyika. Ribiti ikilegea tundu linapanuka, ribiti ya saizi ile ile haishiki tena, unapanda saizi moja. Kila fundi amefanya hivyo. Lakini ukipanda saizi, kipenyo kimebadilika, na ukingo uliokuwa mara mbili jana, leo si mara mbili. Ribiti ya milimita nne inataka ukingo wa nane. Yeye alikuwa na sita nukta nne, kwa sababu siku ya kwanza alipima kwa haki kamili bila kujiachia nafasi ya kesho, na siku ya pili hakuzidisha tena. Mwalimu, aliyenipigia kelele mara moja tu katika maisha yake, na ni kwa sababu sikuzidisha tena.

Saa ya simu yangu ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Nakumbuka kwa sababu niliitazama nikijiuliza kama nimpigie. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote, ningempigia hapo hapo na kumwambia, na ningetafuta neno la kumchoma nalo. Kwake yeye, ulimi wote ukaniishia.

Nataka kusema ukweli wa moyo wangu wa saa ile, kwa sababu nimeuzungusha miaka yote hii. Nilimpenda yule mzee. Nilimwona anastaafu mwisho wa mwezi, anaondoka na hadithi yake ya kiraka cha Kilwa, na mimi ndiye ninayekiweka juu ya gunia na kukiita kosa. Hilo lilikuwepo, na lilikuwa la kweli. Na pembeni yake kulikuwa na kile kitabu changu chenye mstari mtupu. Lipi lilikuwa zito zaidi, sijui. Najua kwamba yote mawili yalinielekeza upande mmoja, na sikubisha.

Kuna fomu tunayoijaza tukipata ufa. Ina sehemu ya kueleza ulipo, urefu wake, halafu sehemu imeandikwa Sababu. Kwenye ribiti moja, moja tu, kulikuwa na unga mweupe kidogo, ule unaotokea alumini ikiliwa na chumvi ya bahari. Nikauona, nikaushukuru. Nikaandika: kutu ya chumvi. Kisha nikaipiga picha fomu nikaituma ofisini Dar. Wakajibu kwa alama ya dole gumba. Pwani, chumvi, nani atauliza?

Halafu nikarudi kwenye daftari, nikapitisha mstari mmoja juu ya ile hesabu ya moja nukta sita.

Jioni ile nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nililikata tumbo la ndege kupita matundu yote ya zamani, tundu likawa kubwa kuliko la mwanzo lakini lenye ukingo safi. Nikakaa na daftari, yaani nikasimama nalo, nikahesabu kiraka changu. Ribiti ya tatu nukta mbili. Ukingo mara mbili ni sita nukta nne, lakini mimi nikaweka nane. Hiyo milimita moja na nusu na ushei ya ziada ni kwa ajili ya siku ambayo mtu atalazimika kupanda saizi. Nane ni mara mbili ya nne. Kati ya ribiti na ribiti nikaweka kumi na sita, yaani mara tano ya kipenyo, na hata mtu akija kuweka ribiti za nne itakuwa mara nne, bado salama. Robo tatu ya kumi na sita ni kumi na mbili, hiyo ndiyo nafasi kati ya mistari miwili. Kwa hiyo bati zilaliane kwa nane, na kumi na mbili, na nane: milimita ishirini na nane. Upande mrefu ulikuwa milimita mia mbili na nane. Toa nane kila mwisho, inabaki mia moja tisini na mbili, gawanya kwa kumi na sita, nafasi kumi na mbili. Nafasi kumi na mbili ni ribiti kumi na tatu, na hapo ndipo wanagenzi hukosea, huhesabu nafasi wakasahau kwamba mstari una mwanzo na mwisho. Mstari wa pili nikaupanga ribiti zake zikae katikati ya zile za kwanza, kumi na mbili.

Niliweka alama kwa kalamu ya wino, maana risasi ya penseli hula alumini. Rubani alisimama akitazama. “Nyie watu mnachora kuliko mnavyogonga,” alisema.

“Na nyie mnapaa kwa sababu sisi tunachora,” nilimjibu. Tukacheka. Nilicheka kupita kiasi, nakumbuka.

Alhamisi alfajiri tulikodi bajaji ikaleta kompresa ya mziba pancha wa Masoko. Kabla jua halijapata moto nilikuwa nje na nyundo ya upepo, rubani akiwa amejikunja ndani ya mkia wa ndege na kile kipande cha chuma kizito kinachoegemezwa nyuma ya ribiti ili ikigongwa ivimbe. Nilimpigia ukelele avute, asukume, anyooshe, asilale. “Dada, mimi nina leseni ya kurusha, si ya kukunjwa,” alisema kutoka humo ndani. Ribiti zilikaa vizuri, kichwa cha nyuma kikivimba mara moja na nusu ya kipenyo kama kinavyotakiwa. Ribiti ya tisa ya mstari wa kwanza, drili ilikuwa imeyumba jana yake, tundu likawa yai. Nililitanua, nikapima, nikaweka ribiti ya milimita nne. Ukingo nane. Mara mbili kamili. Nilifanya kile kile alichokifanya Mwalimu, na kwangu kilikuwa halali, kwa sababu tu ya milimita moja na nusu niliyoiacha. Badala ya kufurahi, niliupima ukingo ule tena, na tena.

Saa nne tulikuwa tumemaliza. Tangu hapo mpaka saa sita sikujua niende wapi. Nilifagia chini ya ndege. Nilipanga zana, nikazipangua, nikazipanga. Rubani alilala kivulini akaniambia nikae, haraka haraka haina baraka, nikamwambia baraka aingoje yeye.

Mwalimu alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa korosho za kukaanga. Suruali imepigwa pasi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Za huku?”

“Nzuri. Za Sudi?”

“Wanakusalimu.” Akanipa korosho, akavua viatu, akajilaza chali chini ya ndege kwenye turubai, na umri ule. Nilisikia kucha zake zikipita juu ya ribiti moja baada ya nyingine. Zilifika ya tisa zikasimama.

“Umepanda saizi hapa.”

“Ndiyo. Ukingo ni nane.”

“Uliacha nafasi.”

“Niliacha.”

“Mimi sikuwahi kuacha,” alisema, kama mtu anayejisemea. “Vizuri. Vizuri sana.” Akatoka, akajifuta mikono. “Nipe daftari nione hesabu, halafu unipe kitabu chako.”

Nilimpa kitabu kwanza. Akakiweka juu ya goti, akafungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu. Nilikuwa naona mstari wangu. Kisha akanyoosha mkono tena, maana aliomba viwili nami nilimpa kimoja, nikampa daftari.

Alisoma hesabu ya kiraka kutoka juu hadi chini, midomo ikitembea. Alitikisa kichwa kwa kukubali kwenye ishirini na nane. Kisha macho yake yakapanda juu ya ukurasa, pale palipokuwa na ile hesabu niliyoifuta.

Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba kumbukumbu ya ndege haichakazwi. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja, ili anayekuja nyuma aweze kusoma ulichokifuta. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Ulifuta kama ulivyofundishwa, na kila tarakimu ilisomeka.

“Sita nukta nne kwa nne,” alisoma. “Moja nukta sita. Ya nini hii?”

Niliangalia lile gunia. Mimi, mwenye ulimi.

Alitazama huku na huku, akakiona kiraka chake juu ya gunia. Akakiendea. Akainama, akakiinua mpaka karibu na pua, akakirudisha mbali, maana macho yake yalikuwa yameshachoka kuona vya karibu. “Nisomee,” aliniambia, akanipa kaliperi. Nilipima mbele yake nikasoma. Ukingo, sita nukta nne. Akanipa shina la ribiti. Nne.

Alikaa kwenye sanduku langu la zana. Rubani alikuwa ameamka, akaona nyuso zetu, akaketi.

“Fomu uliandika nini?”

“Chumvi.”

Nilitegemea anikasirikie, au aone haya, na nilikuwa na maneno ya vyote viwili. Nilitaka kumwambia nilimficha kwa heshima. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mbali, midomo inatembea kama ilivyotembea juu ya hesabu.

“Zipo nyingine mbili,” alisema. “Ndege zote tatu zilikuwa na viraka tumboni. Ribiti zililegea mwaka mmoja. Nilizipandisha saizi zote wiki moja.” Akasimama. “Leo zinaruka?”

Rubani alijibu kabla yangu. Moja ilikuwa karakanani kwa ukaguzi. Nyingine ilikuwa inakwenda Mafia na kurudi, na saa hiyo ilikuwa angani.

Mwalimu aliipigia ofisi. Sauti yake haikupanda. Alitaja namba ya ndege, akasema ikitua isiruke tena, akasema mstari wa chini wa kiraka, ukingo moja nukta sita, kazi yake yeye mwenyewe. Akalitaja jina lake lote, kama mtu anayeapa. Wakasema watamwambia rubani wa ndege hiyo kwa redio asilazimishe chochote, ashuke polepole, na watatupigia ikitua. Dakika ishirini na tano, walisema.

Sijawahi kuwa na dakika kama zile. Nilitembea mpaka mwisho wa kiwanja, nikarudi, nikatembea tena. Upepo ulikuwa mzuri na mbingu safi, na nilivichukia vyote. Nilihesabu nafasi zangu kumi na mbili, ribiti zangu kumi na tatu, nikazihesabu tena. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya utotoni. Kila nilipopita, Mwalimu alikuwa amekaa vile vile, simu kwenye kiganja, kiraka kwenye paja. Yule mzee alijua kukaa.

Simu iliita. Alisikiliza. Akasema, “Alhamdulillahi.” Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Kisha akatuambia: imetua, watu wameshuka, wamepitisha ukucha. Nyufa mbili.

Rubani alishika kichwa. Mimi nikakaa chini kwenye kokoto, nikalia waziwazi bila kujificha.

Mwalimu aliniacha nilie. Aliomba ile fomu, akapitisha mstari mmoja juu ya neno langu, akaandika juu yake sababu ya kweli na kusaini. Kisha akasaini kumbukumbu ya ndege kwamba kiraka changu ni salama kuruka, kwa sababu kilikuwa salama, na yeye hakuwa mtu wa kunyima kazi haki yake. Kitabu changu kilikuwa bado kwenye turubai, kimefunguka kwenye mstari ule.

“Ulipima lini?” aliniuliza.

“Jana. Saa nane.”

Alianza kuhesabu kwa vidole, safari za ile ndege tangu jana saa nane. Jana alasiri kwenda Mafia, kurudi. Leo asubuhi kwenda, kurudi. Alifika kwenye kidole cha nne akakishika hapo, akanionyesha, bila ukali wowote.

Kisha akakifunga kitabu changu, mstari ukiwa bado mtupu, akalisugua jalada kwa kiganja kuondoa vumbi, akaninyooshea. Nilisimama nikakipokea kwa mikono miwili.